Pengo la 340: namna safu ya tofauti inavyokuonyesha kosa la bajeti lilipo

Ripoti inayolinganisha bajeti na halisi ina safu chache tu, na pengine ndiyo maana watu huipitia harakaharaka: bajeti, halisi, tofauti, asilimia, basi. Shida ni kwamba safu ya tofauti inaweza kuwa na kosa kubwa huku kila mstari wake ukionekana sawa. Ukikagua mmoja mmoja utakuta 990 toa 900 ni 90, na hakuna wa kubisha. Kosa huwa limekaa kwenye alama, na halijitokezi mpaka ujumlishe kwenda chini na kuvuka idara.

Tuchukue ripoti moja ndogo na kuibana mpaka mwisho. Ina idara tatu, kila moja na mapato na matumizi yake, na tarakimu zote ni kwa maelfu.

| Mstari | Bajeti | Halisi |
|---|---|---|
| Mauzo, mapato | 4,000 | 3,700 |
| Mauzo, matumizi | 900 | 990 |
| Huduma, mapato | 1,000 | 1,150 |
| Huduma, matumizi | 1,200 | 1,130 |
| Utawala, mapato | 0 | 60 |
| Utawala, matumizi | 1,500 | 1,650 |

Kabla ya kugusa fomula yoyote, piga hesabu ya jumla pembeni. Mapato yalipangwa 5,000, yakaingia 4,910. Matumizi yalipangwa 3,600, yakafika 3,770. Kwa hiyo ziada iliyotarajiwa ni 1,400 na iliyopatikana ni 1,140. Tumepungukiwa 260. Shika hiyo 260, maana jumla ya safu ya tofauti, iwe imeandaliwa na nani na kwa mtindo gani, lazima iishie hapo. Ikiishia kwingine, ukubwa wa pengo wenyewe utakuonyesha aina ya kosa.

Alama kwanza

Aliyeandaa ripoti akitumia fomula moja kwa mistari yote, yaani halisi toa bajeti, atapata hivi kutoka juu kwenda chini: −300, +90, +150, −70, +60, +150. Jumla yake ni +80. Anayesoma ataona shirika limefanya vizuri kuliko lilivyopanga, na kumbe limepungukiwa 260. Hakuna mstari uliokosewa kutoa. Kilichokosewa ni kuchanganya mapato, ambako kuzidi bajeti ni jambo zuri, na matumizi, ambako kuzidi bajeti ni jambo baya, kisha kuzijumlisha kana kwamba chanya ina maana moja pande zote mbili.

Pengo kati ya +80 na −260 ni 340. Gawa kwa mbili upate 170, na 170 ndiyo hasa kiasi ambacho matumizi yote yamevuka bajeti. Haikutokea kwa bahati. Kiasi kilichotakiwa kupunguza jumla kikiongeza badala yake, jumla inaharibika mara mbili: kile ambacho hakikutolewa, na kile kilichoongezwa. Kwa hiyo kosa la alama siku zote huacha pengo lililo mara mbili ya tofauti iliyogeuzwa. Ukipata pengo, nusu yake ndiyo namba ya kutafuta kwenye safu.

Jaribu kwa kosa dogo zaidi, ambalo kwenye kazi ndilo hukutana nalo sana. Mauzo na Utawala wameandika tofauti zao sawasawa, ila Huduma wametumia fomula yao ya zamani kwenye matumizi na kuandika −70 badala ya +70. Jumla ya safu inakuwa −400. Pengo ni 140, nusu yake ni 70, na kwenye safu nzima kuna mstari mmoja tu wenye 70. Umemaliza kutafuta hata kabla ya kufungua faili la idara.

Njia hii ina mpaka wake. Mistari miwili ikigeuzwa, nusu ya pengo ni jumla ya yote miwili, na itabidi utafute jozi. Tena ikiwa mmoja ulikuwa mzuri na mwingine mbaya kwa viwango vinavyokaribiana, makosa yanafutana na pengo linabaki dogo, au linapotea kabisa. Ndiyo maana kukagua jumla peke yake hakutoshi. Fomula yenyewe inafaa iandikwe kwa namna ambayo alama haitegemei kumbukumbu ya mtu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosa: fomula sahihi inategemea jinsi matumizi yanavyotoka kwenye mfumo wa hesabu. Mifumo mingine hutoa matumizi yakiwa hasi na mapato yakiwa chanya. Hapo halisi toa bajeti ni sahihi kwa kila mstari, kwa sababu −990 toa −900 inatoa −90, na hiyo ni mbaya kama inavyotakiwa. Mifumo mingine inafuata debiti na krediti, kwa hiyo mapato ndiyo hasi na matumizi ndiyo chanya. Hapo bajeti toa halisi ndiyo sahihi kwa yote: −4,000 toa −3,700 ni −300, na 900 toa 990 ni −90. Ni pale tu mapato na matumizi yote yanapoandikwa chanya, kama kwenye jedwali letu, ndipo unapohitaji kutofautisha aina ya mstari. Kabla ya kukagua fomula, basi, angalia mstari mmoja wa mapato na mmoja wa matumizi kwenye data ghafi ujue uko kwenye mtindo upi. Idara tatu zikileta faili kutoka mifumo miwili, fomula moja haiwezi kuzihudumia zote.

Kwa mtindo wa chanya tupu, ninachokipendelea ni kuweka safu ya ziada yenye 1 kwa mapato na −1 kwa matumizi. Tuseme jina liko safu A, hiyo alama safu B, bajeti C, halisi D, tofauti E, asilimia F, na mistari yetu sita inaanzia wa 5 hadi wa 10. Fomula ya tofauti kwenye mstari wa 5 ni hii, na inanakiliwa hadi wa 10 bila kubadilishwa chochote:

```
=(D5-C5)*B5
```

Sasa chanya ina maana moja tu ripoti nzima: hali ni bora kuliko bajeti. Iandike hivyo kwa maneno juu ya safu, usimwache msomaji akisie. Seli ya ukaguzi, tuiweke G11, inapata jibu kwa njia ya pili na kulilinganisha na la kwanza:

```
=SUMPRODUCT(B5:B10,D5:D10)-SUMPRODUCT(B5:B10,C5:C10)-SUM(E5:E10)
```

Ikitoa sifuri, ziada halisi toa ziada ya bajeti ni sawa na jumla ya tofauti. Usiilazimishe kuwa sifuri kamili, kwa kuwa tarakimu zenye desimali huacha mabaki madogo sana. Kipimo kama `ABS(G11)<0.5` kinatosha kwa ripoti ya namna hii.

Angalia pia mwonekano wa seli. Mtu anaweza kuwa ameweka muundo wa namba kama `#,##0;#,##0`, ambao huonyesha hasi bila alama yoyote, au ameacha rangi nyekundu ndiyo iwe ishara pekee ya ubaya. Ripoti ikichapwa kwa wino mweusi, −90 na 90 zinakuwa kitu kimoja. Rudisha muundo wa safu kuwa General kwa muda, uone alama halisi zilizopo, halafu urudishe muundo unaofaa.

Pengo lisilo la alama

Seli ile ya ukaguzi inaweza kukupa namba ambayo nusu yake haipo popote. Hapo badilisha swali. Ikiwa pengo ni sawa na tofauti moja nzima bila kuizidisha mara mbili, mstari umeachwa nje ya jumla. Kwa mfano wetu, jumla ikiishia E9, ukaguzi unatoa −150, na −150 ndiyo tofauti ya matumizi ya Utawala. Kosa hili hutokea sana mtu anapoongeza mstari mpya chini kabisa, karibu na jumla, na masafa ya `SUM` yasiufuate.

Ikiwa pengo ni sawa na kiasi kizima cha halisi au cha bajeti, basi kuna namba iliyoingia kama maandishi. Hili linastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu linadanganya kwa ustadi. Chukua 1,650 ya Utawala ikiwa imenakiliwa kutoka faili jingine na kukaa kwenye D10 kama maandishi. Excel ikikutana nayo kwenye kutoa, inaigeuza kuwa namba yenyewe, kwa hiyo E10 inaonyesha −150 sahihi kabisa na asilimia yake ni sahihi. Lakini `SUM` na `SUMPRODUCT` zikipewa masafa huruka maandishi kimya kimya. Jumla ya matumizi halisi inakuwa 2,120 badala ya 3,770, na ukaguzi wetu unatoa 1,650. Mistari yote iko sawa, jumla peke yake ndiyo mbovu, na pengo limekuandikia namba yenyewe unayoitafuta. Uhakikishe kwa `=COUNT(D5:D10)`: ikisema 5 wakati mistari ni 6, mmoja si namba.

Kuna kosa moja ambalo seli hii haiwezi kuliona: mstari ukiachwa nje ya masafa yote kwa pamoja, pande zote mbili zinapungua sawa na ukaguzi unatoa sifuri. Kinga yake iko nje ya faili. Jumla ya bajeti, 5,000 na 3,600, ilinganishwe na bajeti iliyoidhinishwa, na jumla ya halisi ilinganishwe na leja. Hapo ndipo utagundua pia idara iliyoweka bajeti iliyorekebishwa wakati wenzake wamebaki na ya awali.

Asilimia hazijumlishwi, wala hazipigiwi wastani

Asilimia ya tofauti ni tofauti gawa kwa bajeti. Mauzo wamevuka bajeti ya matumizi kwa 90 juu ya 900, yaani 10%. Ukiona imeandikwa 9.1%, mtu amegawa kwa halisi, 990. Kosa hili linapunguza ukali wa kila uvukaji, na kadiri uvukaji unavyokuwa mkubwa ndivyo linavyouficha zaidi: idara iliyotumia mara tatu ya bajeti yake imeivuka kwa 200%, lakini ukigawa kwa halisi utasoma 67%. Kwa njia hiyo ya makosa uvukaji hauwezi kufika 100% hata ufanyeje.

Kwenye mstari wa jumla, kosa la kawaida ni kuchukua wastani wa asilimia za idara. Tazama mapato: Mauzo −7.5%, Huduma +15%. Wastani wake ni karibu +3.8%, na mtu ataandika kwamba mapato yamezidi. Ukweli ni 90 pungufu juu ya 5,000, yaani −1.8%. Wastani umegeuza hata alama, kwa sababu umeihesabu Huduma yenye 1,000 kuwa na uzito sawa na Mauzo yenye 4,000. Asilimia ya jumla ikokotolewe upya kutoka kwenye jumla ya tofauti na jumla ya bajeti za mstari huohuo, kwa fomula ileile ya mistari mingine.

Sasa fanya jaribio hilohilo kwenye matumizi. Mauzo −10%, Huduma +5.8%, Utawala −10%. Wastani ni −4.7%. Jibu sahihi, 170 juu ya 3,600, nalo ni −4.7%. Yamelingana kabisa, na si kwa sababu ya kuzungusha desimali. Bajeti hizi tatu na asilimia zake zimetokea tu kupangika hivyo. Anayekagua mstari mmoja wa jumla akaona umekubali, angeipitisha fomula mbovu. Kwa hiyo usikague asilimia ya jumla kwa kulinganisha jibu tu. Bonyeza seli usome fomula, na ukikuta `AVERAGE` au `SUM` ya safu F, ni kosa hata kama namba ni sahihi leo.

Bajeti ya sifuri ni jambo la haraka. Utawala waliingiza 60 bila kupanga chochote, kwa hiyo hakuna asilimia. Si 0%, si 100%. Acha kistari au andika kwamba halikubajetiwa. Epuka kufunika fomula nzima kwa `IFERROR`, kwa sababu itafunika pia makosa mengine yasiyohusiana na sifuri, kama neno lililoandikwa mahali pa namba. Uliza swali lenyewe:

```
=IF(C5=0,"-",E5/ABS(C5))
```

Hiyo `ABS` inaonekana ya bure ukiangalia mistari hii sita, ambako bajeti zote ni sifuri au zaidi. Umuhimu wake unaonekana unapotengeneza muhtasari wa idara, mapato toa matumizi. Huduma walipangiwa kuishia −200 na wakaishia +20. Tofauti ni +220, tena nzuri sana. Gawa kwa −200 bila `ABS`, unapata −110%, na idara iliyofanya vizuri kuliko zote inasomeka kama iliyoanguka. Utawala walipangiwa −1,500, wakafika −1,590. Tofauti ni −90, na ukigawa kwa −1,500 inatoka +6%. Wamepongezwa kwa kuvuka bajeti. Kwa `ABS` zinakuwa +110% na −6%. Hata hivyo, pale ambapo bajeti ni hasi na halisi ni chanya, kama kwa Huduma, asilimia haisemi jambo la maana sana. Mimi ningeacha kiasi cha 220 kizungumze na kuweka kistari kwenye asilimia.

Njia ya haraka ya kukagua safu hii: alama ya asilimia lazima ifanane na alama ya tofauti kwenye kila mstari, bila ubaguzi. Mahali popote zinapopishana kuna fomula ya kutazamwa.

Kuvuka idara

Muhtasari wa idara unatupa njia ya tatu ya kufika palepale. Mauzo walipangiwa 3,100 na wakapata 2,710, tofauti −390. Huduma +220. Utawala −90. Jumla ni −260. Kwa aina ya mstari tulikuwa na −90 ya mapato na −170 ya matumizi, nayo ni −260. Ukijumlisha kwa idara na ukijumlisha kwa aina, lazima mkutane kwenye kona moja. Zisipokutana wakati ukaguzi wa mistari ni sifuri, mara nyingi jumla ndogo ya idara moja imehesabiwa tena ndani ya jumla kuu. Kutumia `SUBTOTAL(9,...)` kwa jumla ndogo na jumla kuu kunaondoa tatizo hilo, kwa kuwa inaruka seli nyingine zenye `SUBTOTAL`. Kumbuka tu kwamba inaacha nje mistari iliyochujwa, hivyo jumla inabadilika mtu akisahau chujio limewashwa.

Kinachobaki ndicho kigumu zaidi, kwa sababu kila ukaguzi wa juu unakipitisha. Tuseme Huduma wamewafanyia Mauzo kazi na kuwatoza 100. Kiasi hicho kimo ndani ya mapato 1,150 ya Huduma na ndani ya matumizi 990 ya Mauzo, na hakuna idara iliyokiweka kwenye bajeti. Kwa shirika zima hakuna fedha iliyoingia wala kutoka. Ziada haibadiliki, tofauti ni ileile −260, seli ya G11 ni sifuri, na kona zinakutana.

Ondoa hiyo 100 pande zote mbili uone. Mapato ya jumla yanakuwa 4,810, kwa hiyo yamepungua kwa 190, yaani −3.8% badala ya −1.8%. Matumizi yanakuwa 3,670, kwa hiyo yamevuka kwa 70 tu, −1.9% badala ya −4.7%. Ripoti ilikuwa inasema tatizo ni matumizi, na sasa inasema tatizo ni mapato. Ndani ya idara mabadiliko ni makubwa zaidi: mapato ya Huduma kutoka nje yamezidi bajeti kwa 5%, si 15%, na Mauzo waliokuwa wamevuka kwa 90 wamebaki na 890, yaani chini ya bajeti kwa 10.

Tozo za ndani huonekana tu zikiwa na mstari wake. Kila idara iandike mapato ya ndani na matumizi ya ndani kando na yale ya nje, kwenye bajeti na kwenye halisi, na chini ya muhtasari kuwe na seli inayotoa jumla ya moja kutoka kwa nyingine, kwa kila safu peke yake. Kwenye bajeti itoe sifuri na kwenye halisi itoe sifuri. Ikitoa 100 upande wa halisi, idara moja imeandika tozo na nyingine bado haijaipokea, au imeipokea katika mwezi mwingine. Ikitoa sifuri pande zote, bado soma kiasi chenyewe: 100 kwenye halisi dhidi ya 0 kwenye bajeti maana yake tozo haikupangwa, na muhtasari wa shirika uandaliwe baada ya kuiondoa, huku ripoti za idara zikibaki nayo na maelezo yake pembeni.